Viroboto ni walewale, ini la paka si la mbwa

*Shikamoo Daktari. Ninaishi Uyole, hapa Mbeya. Nyumbani tuna mbwa, Simba, wa kilo kama 20, na tulikuwa na paka wawili, Kijivu na Chausiku. Mwezi uliopita viroboto walizidi mpaka watoto wakawa wanajikuna usiku kucha. Nikaenda duka la dawa za mifugo, muuzaji akatoa kichupa kimoja kwenye boksi akaniuzia, cha kudondoshea mgongoni. Nilimuuliza kama na paka anafaa kupakwa, akasema viroboto ni walewale, nipunguze tu dozi. Jumamosi saa kumi na moja jioni nilimdondoshea Chausiku kama robo ya kichupa, iliyobaki nikampaka Simba. Saa nne usiku Chausiku akaanza kutikisa masikio na kukung'uta miguu kama aliyekanyaga maji. Usiku wa manane mwili mzima unatetemeka, udenda unamtoka. Nikampa maziwa, nikamfunika blanketi, nikamlaza karibu na jiko la mkaa. Alfajiri akapata degedege, na saa sita mchana akafa. Simba hana tatizo lolote. Jirani anasema ni kichaa cha mbwa. Muuzaji anasema dawa yake ni nzima, paka atakuwa alikula panya mwenye sumu. Kichupa bado ninacho, kimeandikwa permethrini asilimia 50 na imidaklopridi asilimia 10, cha mililita 2.5. Ni nini kilimuua Chausiku? Na Kijivu nimfanyeje? Bado ana viroboto, nami naogopa kumgusa na dawa yoyote.*

*Mama wa watoto watatu, Uyole*

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Pole na kwa watoto.

Kilichomuua Chausiku ni permethrini. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu umenipa vitu vitatu ambavyo daktari huvihitaji na mara nyingi havipati: jina la dawa, kiasi ulichompaka, na saa. Ulipaka saa kumi na moja, dalili zikaanza saa nne, yaani baada ya saa tano. Sumu hii kwa paka huanza kujionyesha ndani ya saa chache, mara nyingine siku ya pili au hata ya tatu. Tena huanza vivyo hivyo ulivyoona, masikio na ngozi ya uso kurukaruka, miguu kukung'utwa, halafu mtetemo unashika mwili wote, mate yanatiririka, na mwisho degedege.

Kichaa hakiendi kwa mwendo huo. Hata hivyo sitalipuuza neno la jirani yako moja kwa moja. Kama usiku ule Chausiku alimng'ata au kumkwaruza mtu yeyote pale nyumbani, nenda naye hospitali leo, ueleze paka alikuwaje na alikufa lini, wao waamue kuhusu chanjo. Paka aliyekwisha kuzikwa ni vigumu kumpima, na kichaa kikishaanza kwa binadamu hakina tiba.

Muuzaji alikuambia jambo moja la kweli. Viroboto ni walewale. Kiroboto tunayemkuta kwa mbwa wa huku kwetu mara nyingi ndiye yuleyule anayeitwa kiroboto wa paka, naye hurukia mnyama yeyote aliye karibu. Dawa ileile ingemuua kiroboto wa Chausiku kama ilivyomuua wa Simba. Tofauti iko ndani ya mnyama aliyembeba.

Permethrini hushambulia mishipa ya fahamu. Kila mshipa una vijilango vidogo sana vinavyopitisha sodiamu. Ujumbe ukipita, kijilango hufunguka kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kisha hufunga ili mshipa upumzike. Permethrini hukishika kijilango kisifunge, mshipa ukawa unatuma ujumbe uleule bila kukoma. Kiroboto hujikunjakunja na kufa. Mbwa naye ana vijilango hivyohivyo, ila dawa ikiingia mwilini mwake huvunjwavunjwa haraka, kisha ini hukibandika kila kipande kwenye aina ya asidi inayotokana na sukari, na kikishabandikwa hivyo kinayeyuka kwenye maji na kutoka kwa mkojo. Paka hawezi kubandika vizuri. Jeni inayotengeneza kimeng'enya muhimu cha kazi hiyo imeharibika kwa jamii yote ya paka, wa nyumbani na hata simba wa Ruaha. Kwa hiyo dawa inakaa, inazunguka, inarudi kwenye mishipa, saa baada ya saa. Ndiyo sababu hiyohiyo kidonge kimoja cha panado, cha miligramu 500, kinaweza kumuua paka. Nakitaja kwa makusudi, kwa kuwa nimeona watu wema wakimpa paka mgonjwa panado.

Sasa tuangalie ile robo, maana najua ndiyo inayokuuma. Ulidhani umemhurumia. Dawa ya asilimia 50 ina miligramu 500 za permethrini katika kila mililita moja. Kichupa chako cha mililita 2.5 kilikuwa na miligramu 1,250. Kama Simba wa kilo 20 angepata chote, ingekuwa miligramu 62 hivi kwa kila kilo ya mwili wake. Robo ya kichupa ni miligramu 312, na paka jike mzima wa kawaida ana kilo 3 hivi. Gawanya, utapata miligramu 104 kwa kila kilo. Chausiku, aliyepewa kidogo, alipata dawa nyingi kuliko Simba kwa kipimo cha mwili, na miligramu 100 kwa kilo ni kiwango kinachojulikana kuhatarisha maisha ya paka. Lakini hata kama ungepima kwa sindano ukampa sawasawa na mbwa kwa kila kilo, bado ungekuwa unacheza na maisha yake. Paka wameugua vibaya kwa matone machache, na wengine kwa kulala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa siku ileile, au kumlamba. Kwa kichupa cha mbwa chenye permethrini hakuna kipimo cha paka.

Ulivyofanya usiku ule ndivyo wengi wangefanya, na nitakueleza palipokosewa ili mwingine asome. Maziwa hayakumsaidia. Sumu ilikuwa kwenye ngozi ikiendelea kuingia, haikuwa tumboni, na paka anayetetemeka akimiminiwa kitu mdomoni hupaliwa, kikaingia kwenye mapafu. Blanketi na jiko la mkaa vilimwongezea joto. Misuli inayotetemeka bila kupumzika hutoa joto jingi sana. Paka mzima ana nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, lakini mwenye mtetemo mkali hupita 41, na hapo ubongo na figo huanza kuharibika.

Kilichotakiwa saa nne ile ni sabuni. Permethrini huyeyuka kwenye mafuta na haiyeyuki kwenye maji, hivyo maji matupu hayaiondoi. Chukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya vuguvugu, osha pale ulipopaka kisha mwili mzima, sugua hadi kwenye ngozi, suuza, rudia tena. Joto la maji nalisisitiza, hasa kwa sisi wa Mbeya, Makete na Njombe ambako usiku wa Juni maji ya bombani yanauma vidole. Maji ya moto hufungua mishipa ya damu kwenye ngozi, dawa ikaingia kwa kasi zaidi. Maji ya baridi yanaushusha mwili joto, na sumu za ukoo huu hushambulia mishipa ya fahamu vibaya zaidi mwili unapokuwa wa baridi. Kwa hiyo vuguvugu, kisha taulo kavu, akaushwe kabisa, awekwe chumba tulivu chenye giza kidogo. Akiwa baridi mfunike. Akishakuwa wa moto ukimgusa masikio na tumbo, mfunue. Kama tayari yuko kwenye degedege, usihangaike kumwogesha mwenyewe, mbebe umpeleke kwa daktari, aoshwe akishatulizwa.

Halafu safari, usiku huohuo. Dawa ya kuifuta permethrini mwilini haipo. Tunachofanya ni kumshikilia paka hai mpaka mwili wake uiondoe wenyewe kwa mwendo wake wa polepole, na hiyo huchukua siku moja hadi tatu, wakati mwingine wiki. Tunampa dripu, tunapima joto kila mara, tunatuliza misuli. Diazepamu, ambayo kliniki nyingi zinayo, husaidia degedege lakini mara nyingi haiwezi mtetemo wenyewe. Inayofanya kazi vizuri zaidi kwa mtetemo ni methokabamoli. Ipo pia njia ya kumwekea mshipani mafuta ya asilimia 20, yale ambayo hospitali huwapa wagonjwa wasioweza kula. Sumu inayopenda mafuta huvutwa ikatoka kwenye mishipa ya fahamu. Si kila daktari wa mifugo anavyo hivi, ndiyo maana piga simu kwanza, taja neno permethrini, na ubebe kichupa.

Kichupa ubebe kweli. Miaka yangu ya mwanzo kazini, Iringa, mzee mmoja aliniletea paka anayetetemeka. Hakuwa na kasha wala karatasi, alisema tu amempaka dawa ya viroboto. Nilizoea kuona wanyama walionyweshwa viuatilifu vya mashambani vya kundi la fosfeti, nikadhani ni hiyo, nikachoma atropini. Atropini ni mkombozi kwa sumu zile. Kwa permethrini haifanyi chochote juu ya mtetemo. Nilipoteza karibu saa mbili kabla mjukuu wake hajaleta boksi lenye picha ya mbwa. Yule paka hakupona, na tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwenye simu ni: imeandikwaje?

Nimekuja sasa kwenye lebo, ambayo wewe hukuonyeshwa. Vichupa hivi huja vitatu au vinne kwenye boksi moja. Onyo limechapwa kwenye boksi na kwenye karatasi iliyokunjwa ndani: picha ya mbwa, na mara nyingi picha ya paka iliyopigwa mstari, pamoja na maneno kwamba ni sumu kwa paka. Muuzaji anapochomoa kimoja ili kikufikie kwa bei nafuu, onyo linabaki dukani. Mkononi unapata kipande cha plastiki chenye maandishi madogo ambayo mimi mwenyewe nayasoma kwa miwani. Sikulaumu kununua kimoja, boksi zima ni ghali. Lakini kimoja unaweza kununua na boksi ukalisoma palepale kaunta, au ukalipiga picha kwa simu. Muuzaji asiyekubali kukuonyesha boksi, mrudishie dawa yake.

Ukilishika boksi, tafuta kwanza mnyama. Kama paka hajatajwa, dawa hiyo si ya paka, hata kama hakuna onyo lolote. Usichukue ukimya kuwa ruhusa. Kisha tafuta mstari wenye alama ya asilimia, kwa kuwa jina kubwa la mbele ni la biashara na halikuambii kilichomo. Kwenye mstari huo ndipo permethrini inapoonekana, kwa Kiingereza haina ile i ya mwisho. Hapo tazama namba. Zipo poda na shampuu zilizoruhusiwa kwa paka huko nje zenye permethrini chini ya asilimia 0.2. Yako ilikuwa asilimia 50, yaani mara 250 ya hiyo. Dawa za matone za mbwa kwa kawaida ni kati ya 45 na 65. Hiyo imidaklopridi iliyokuwa pamoja nayo haikuwa tatizo. Yenyewe peke yake hutumika kwa paka. Ndiyo maana watu huchanganyikiwa: maboksi mawili ya kampuni moja yanafanana rangi, yana neno moja linalofanana, na la mbwa limeongezewa permethrini.

Jihadhari na ndugu zake pia. Sipermethrini na deltamethrini ni za ukoo huohuo, na ndizo zilizomo kwenye dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe. Huku kwetu dawa ya josho hupunguzwa kwenye chupa ya soda, jirani akamgawia jirani, na ikifika kwa paka haina lebo kabisa. Nyingine ni amitrazi, si ndugu wa permethrini, lakini paka haimfai vilevile. Chupa ya soda yenye dawa ya kupe isiguse paka, hata kwa kitambaa.

Kuna jambo naulizwa sana na watu wa Umalila na Mufindi wanaolima pareto: kama ua letu linaua wadudu na ni la asili, si bora kumpaka paka unga wake? Permethrini kweli ni mtoto wa pareto kwa namna fulani. Sumu iliyomo kwenye ua huharibika haraka juani, ndipo watafiti wa Rothamsted kule Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, mwaka 1973 wakatangaza permethrini, iliyoigwa kutoka humo lakini inayovumilia jua. Kuvumilia huko ndiko kunakoifanya ikae wiki nne kwenye manyoya ya mbwa. Ile ya ua ni nyepesi kwa paka kuliko hii ya kiwandani, lakini inagusa vijilango vilevile, na unga wa kusagwa nyumbani hauna kipimo. Acheni pareto iende kiwandani Mafinga.

Sasa Kijivu. Kama alikuwa akilala na Simba wiki ile ya kwanza na hakutetemeka, hatari kubwa imeshapita kwake, dawa iliyo kwenye ngozi ya Simba imekwisha kukauka na kusambaa. Tatizo ni mwezi huu, utakapofika wakati wa kumpaka Simba tena. Sikushauri urudie dawa ileile. Kwenye nyumba yenye paka, mnunulie mbwa dawa isiyo na permethrini, kwa mfano ya fipronili au selamektini, iliyoandikwa mbwa na inayolingana na kilo zake. Kama huku Uyole utaikosa na kupe wamezidi mpaka huna budi kutumia ya permethrini, Simba alale banda la nje na Kijivu ndani kwa siku tatu kamili, na blanketi la Simba lisiingie ndani.

Kijivu mwenyewe anaweza kupata dawa, usiogope. Fipronili ya paka, imidaklopridi ya paka, au selamektini ya paka, yoyote kati ya hizo yenye picha ya paka kwenye boksi. Narudia neno «ya paka» kwa sababu hata hizo, kichupa cha mbwa mkubwa kina kiasi kisichomfaa. Dondosha nyuma ya fuvu, juu kabisa ya shingo, uyatenge manyoya mpaka uone ngozi, mahali ambapo ulimi wake haufiki. Fanya asubuhi, siku ambayo utakuwepo nyumbani mchana kutwa, ili ukiona sikio likirukaruka uwe na saa za mchana za kufika kliniki.

Na dawa peke yake haitamaliza viroboto mliokuwa nao. Wale mnaowaona kwenye manyoya ni sehemu ndogo, mayai na vibuu viko kwenye mikeka, nyufa za sakafu na matandiko. Fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, fagia kila siku kwa wiki tatu hivi na taka zichomwe. Vifukofuko vilivyobaki vitaendelea kuangua kwa muda, kwa hiyo ukiona kiroboto siku ya kumi usikimbilie kumwongezea Kijivu dawa.

Kabla hujaenda dukani, mpime. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, toa. Andika kilo zake na umri wake kwenye karatasi, uende nayo, umkabidhi muuzaji kabla hajafungua boksi lolote.